Mvua za Desemba na Barua Pepe kwa Kamati: Namna ya Kueleza Utafiti Uliochelewa

Hotuba kwa wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu, Mbeya

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wageni wetu mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa na Njombe, na ninyi wanafunzi ambao shughuli ya leo ni yenu, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie barua pepe moja tu: ile ambayo mwanafunzi anaiandikia kamati yake ya usimamizi kueleza kwamba utafiti umechelewa, na kupendekeza ratiba nyingine. Nimekaa kwenye kamati hizi miaka mingi na barua za namna hii nimezisoma nyingi. Naziheshimu, kwa sababu najua mtu huziandika usiku, akiwa na hofu, baada ya kuziahirisha kwa wiki kadhaa. Nataka nieleze namna kamati inavyozisoma, na kwa nini nyingine hujibiwa kesho yake huku nyingine zikikaa mwezi mzima bila jibu.

Barua nyingi zinazokaa bila jibu hufanana. Mwanafunzi anaomba radhi, anasema alipata changamoto mbalimbali, kisha anaomba aongezewe miezi 6. Mjumbe wa kamati akimaliza kusoma hajui kilichotokea, hajui kama kimekwisha, hajui kwa nini ni miezi 6 wala si 3, na hajui anatakiwa kufanya nini. Anaiacha ili mjumbe mwingine aanze kujibu. Mwingine naye anafanya vivyo hivyo.

Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uzito wa pekee, hasa kwa ninyi mnaofanya kazi shambani. Tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza Novemba au mwanzoni mwa Desemba na kuishia Aprili au Mei. Mwenzenu anayefanya utafiti Bukoba au Arusha akikosa mvua za kwanza anaweza kutazamia za pili. Ukizikosa za Njombe umekosa mwaka. Kwa hiyo ucheleweshaji wa wiki 5 hapa unaweza kugeuka kuwa wiki 2, au miezi 2, au miezi 12, kutegemea umeangukia wapi kwenye kalenda na umechukua hatua gani. Barua pepe nzuri ndiyo inayofanya hesabu hiyo mbele ya macho ya kamati.

Niwape mfano. Nimeutunga kutokana na mambo ninayoyaona kila mwaka, ili nisimtaje mtu wala ofisi yoyote. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sayansi ya udongo anataka kujua ni kiasi gani cha chokaa ya kilimo kinachofaa kwa mahindi katika udongo wenye tindikali kwenye miinuko ya Njombe. Ana vijiji 3. Katika kila kijiji ana viwango 4 vya chokaa, yaani tani 0, 1, 2 na 4 kwa hekta, na kila kiwango kinarudiwa mara 3. Hizo ni ploti 12 kwa kijiji, na 36 kwa jumla. Kamati ilipopitisha pendekezo lake iliweka sharti moja: shamba lichaguliwe kwa kipimo, liwe na pH chini ya 5.5, na alumini iliyomo kwenye udongo ipimwe. Sharti hilo lina mantiki. Katika udongo wenye tindikali kali ni alumini inayodumaza mizizi ya mahindi, na chokaa hufanya kazi kwa kuifunga isiyeyuke. Shamba lisilo na tatizo hilo halina cha kutufundisha kuhusu chokaa.

Ratiba yake ya awali ilikuwa hivi. Barua za utambulisho zikamilike tarehe 4 Septemba, achukue sampuli za udongo mara moja, apate majibu ya maabara kabla ya Oktoba, aweke chokaa katikati ya Oktoba, apande tarehe 26 Novemba, avune mwisho wa Juni, na awasilishe tasnifu tarehe 30 Septemba ya mwaka unaofuata.

Mnaifahamu safari ya barua hizo. Chuo kinaandika kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unaandika kwa mkurugenzi wa halmashauri, halmashauri inaandika kwa mtendaji wa kata, naye anakufikisha kwa mtendaji wa kijiji. Katika mfano wetu vijiji 2 viko halmashauri moja na cha tatu kiko halmashauri jirani, lakini barua ya kwanza ilitaja halmashauri moja tu. Ikabidi irudi chuoni iandikwe upya. Barua zote zilikamilika tarehe 9 Oktoba, wiki 5 kamili baada ya siku iliyopangwa.

Sasa ni tarehe 11 Novemba. Hii ndiyo barua anayoiandika. Kwa kawaida barua hizi huandikwa kwa Kiingereza. Nimeiweka kwa Kiswahili ili tujadili kilichomo ndani.

Kichwa: Ombi la kuidhinisha ratiba mpya (chokaa na mahindi, Njombe) – jibu linaombwa kabla ya 16 Novemba

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya usimamizi,

Salaam. Naomba kamati iidhinishe mambo mawili ya ratiba: nipande tarehe 10 Desemba badala ya 26 Novemba, na tarehe ya kuwasilisha tasnifu isogee kutoka 30 Septemba hadi 30 Novemba mwakani. Naomba jibu kabla ya 16 Novemba kwa sababu chokaa inatakiwa kuingia ardhini tarehe 17.

Barua za utambulisho zilikamilika 9 Oktoba badala ya 4 Septemba, baada ya barua ya kwanza kurudishwa ili itaje halmashauri zote mbili. Suala hilo limekwisha. Nakala zenye mihuri ya mapokezi nimeziambatisha. Sampuli za udongo nilizichukua 12 hadi 16 Oktoba na maabara ilizipokea tarehe 19. Majibu ya pH yametoka tarehe 9 Novemba, na mashamba yote 3 yako chini ya 5.5. Majibu ya alumini yatatoka mwisho wa Novemba.

Pia naomba kuchagua mashamba kwa pH peke yake. Alumini itapimwa kwenye sampuli zilezile, ambazo zimekaushwa na kuhifadhiwa, na itaingia kwenye uchambuzi kama ilivyopangwa.

Ucheleweshaji huu unagusa swali langu mahali pamoja. Chokaa ingekaa ardhini wiki 6 kabla ya kupanda. Sasa itakaa siku 23. Viwango vyote 4 vitapata muda uleule, kwa hiyo kuvilinganisha bado kunawezekana, lakini matokeo yataonyesha chokaa iliyopewa muda mfupi. Ili kupima athari ya muda huo, napendekeza kuongeza jaribio dogo maabara: udongo wa mashamba hayo, viwango vilevile 4, uwekwe kwenye vikombe ukiwa na unyevu, na pH ipimwe kila wiki kwa wiki 8. Jaribio hilo halisubiri mvua.

Nimefikiria kutumia vinyungu vya mabondeni wakati wa kiangazi, na pia kusubiri msimu ujao. Vinyungu vina udongo tofauti na wa miinuko ambao ndio swali langu. Kusubiri msimu ujao kunaongeza mwaka mzima.

Ikiwa hadi tarehe 20 Desemba sijapanda kwa sababu yoyote, nitaiandikia kamati siku hiyohiyo, na nitapendekeza kazi ya shambani ihamie msimu ujao.

Ratiba ya ukurasa mmoja nimeiambatisha, ya zamani na mpya zikiwa sambamba.

Nawasilisha.

Hiyo ndiyo barua. Inasomeka kwa dakika 3.

Nianze na kichwa chake na aya ya kwanza. Tumezoea kuandika "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha tunajitambulisha jina, namba ya usajili, mwaka na idara, halafu tunashukuru kwa msaada wa awali. Ni adabu njema na sina ugomvi nayo kwenye barua ya karatasi. Ila wajumbe wengi wanasoma kwenye simu, wakiwa kikaoni au wanasubiri daladala pale Mwanjelwa, na simu inaonyesha kichwa na mistari miwili ya mwanzo. Kama mistari hiyo miwili imejaa utambulisho, barua yako inaonekana kama taarifa ya kawaida ya kusomwa baadaye. Mwanafunzi huyu ameweka salamu ya neno moja, kisha ombi, kisha tarehe ya jibu na sababu ya tarehe hiyo. Anayesoma anajua kwamba akinyamaza hadi tarehe 17, kuna kitu shambani kitakwama.

Tarehe hiyo ya jibu ina masharti. Isiwe ya kubuni. Ukiandika "naomba jibu ndani ya siku 3" bila kitu chochote kinachotokea siku ya nne, umeonekana unaiamrisha kamati. Na ikiwa siku ni chache kama hapa, usiitume barua kabla hujazungumza na msimamizi mkuu. Nenda ofisini kwake, au mpigie. Profesa ambaye ameshasikia jambo mapema atajibu kwanza, na wajumbe wengine watamfuata. Profesa anayekutana na ucheleweshaji wako kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake, kwenye barua iliyotumwa kwa wote, anajisikia hakushirikishwa, na ana haki.

Sasa sababu. Angalieni barua imetumia mistari mingapi kwenye sababu, na imelaumu nani. Imetaja tarehe iliyotarajiwa, tarehe halisi, na kilichozirudisha barua. Haikusema ofisi fulani ni wazembe. Kamati ina swali moja tu kuhusu sababu: je, imekwisha au inaendelea? Sababu iliyokwisha huhitaji tu ratiba mpya. Sababu inayoendelea, kwa mfano mashine ya maabara iliyoharibika na inasubiri kipuri kutoka nje, inahitaji njia ya kuizunguka kabla hujaomba tarehe yoyote, kwa sababu tarehe yako mpya nayo itavunjika. Ndiyo maana maneno matatu katika ile barua, "Suala hilo limekwisha", nayapenda kuliko kurasa mbili za maelezo.

Kamati pia hupima kama sababu zinaingiana na kazi yenyewe. Hapa mjihadhari. Mwanafunzi angeweza kuongeza sababu nyingine inayosikika vizuri: usafiri wa chokaa kutoka Songwe hadi Njombe. Mjumbe anayejua kazi hii angepiga hesabu palepale. Ploti zina mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Tani 1 kwa hekta kwenye ploti hiyo ni kilo 2, tani 2 ni kilo 4, na tani 4 ni kilo 8. Jumla ni kilo 14. Zidisha kwa marudio 3 na vijiji 3, unapata kilo 126. Hiyo ni mifuko 3 ya kilo 50 na inabaki. Inapakiwa kwenye buti la basi la Makambako, na kutoka pale inaunganishwa hadi Njombe. Ukiitaja kama sababu ya wiki 2, mjumbe ataanza kutilia shaka hata ile sababu ya kweli. Andika sababu iliyokuchelewesha kwelikweli, na hiyo tu.

Nigusie kidogo sababu za kibinafsi, kwa kuwa najua ziko nyingi hapa ndani: ugonjwa, msiba, kujifungua, ada. Hulazimiki kuieleza kamati nzima undani wa maisha yako. Taja kipindi ambacho hukuweza kufanya kazi, kuanzia tarehe hii hadi ile, na useme vyeti vimewasilishwa kwenye kurugenzi ya masomo ya uzamili. Na kama kipindi chenyewe ni kirefu, uliza kuhusu kuahirisha masomo kabla hujaandika ratiba mpya. Ukiahirisha rasmi, kwa kawaida muda wako wa usajili husimama. Ukiendelea kusajiliwa huku umelala hospitali, muda unaendelea kukatika na ada inaendelea kudaiwa. Nimeona watu wakiomba kuongezewa muda wakati walichostahili ni kuahirisha, na tofauti hiyo iliwagharimu.

Nirudi shambani, kwenye aya ambayo mimi naiona ndiyo roho ya barua, ile inayosema "Ucheleweshaji huu unagusa swali langu mahali pamoja." Wanafunzi wengi huona kalenda tu. Wanahesabu wiki zilizopotea, wanazisogeza mbele, wanaona wamemaliza. Lakini kamati ilipitisha swali la utafiti, na kazi yake ya kwanza ni kulilinda swali hilo. Inataka kujua: kazi hii iliyosogezwa bado inajibu kile tulichokipitisha?

Chokaa inahitaji muda na unyevu ili ishughulike na udongo. Ushauri wa kawaida ni kuiweka wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mwanafunzi amekiri kwamba muda umepungua kutoka wiki 6 hadi siku 23, na akaonyesha nini kinabaki salama: kulinganisha viwango. Hapo mjumbe mkali angeuliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza. Oktoba huko Njombe udongo ni mkavu. Chokaa ikikaa kwenye vumbi kavu haifanyi kazi yoyote ya maana mpaka mvua inyeshe. Je, zile wiki 6 za ratiba ya awali zilikuwa wiki 6 kweli, au sehemu kubwa yake chokaa ingekuwa imelala tu? Ni hoja nzito, na inamsaidia mwanafunzi, kwa sababu huenda amepoteza kidogo kuliko anavyodhani. Lile jaribio la vikombe ndilo litakalomjibu. Udongo uleule ukiwekwa unyevu unaofahamika na kupimwa pH kila wiki, tutaona ni katika wiki ya ngapi pH inaacha kupanda. Ikiwa inatulia mapema, siku 23 zenye mvua zimetosha. Ikiwa bado inapanda wiki ya 7, basi sura ya matokeo itabidi iseme kwamba mavuno haya ni ya chokaa ambayo haijamaliza kazi yake. Kwa vyovyote tasnifu inakuwa na jambo la kusema, na kipindi kilichopotea kimeingizwa kwenye sayansi yenyewe.

Ombi la kutumia pH peke yake kuchagua mashamba nalo ni la mtu anayeijua kazi yake. Kupima pH ni kazi nyepesi: unakausha udongo kivulini, unauchekecha, unauchanganya na maji, unatumbukiza kipimo. Alumini inahitaji kukamuliwa kwa kemikali na kupimwa taratibu, na foleni ya maabara ni ndefu. Alitenganisha kile kinachozuia hatua inayofuata na kile kinachoweza kufuata nyuma. Kila ratiba iliyochelewa ina kitu cha namna hiyo ndani yake. Kitafuteni kabla hamjaomba muda. Wewe unayefanya mahojiano badala ya kilimo, huenda kwako ni kuanza kunukuu rekodi za kijiji cha kwanza wakati kibali cha kijiji cha pili bado kinafuatiliwa.

Kuhusu vinyungu, wageni wetu wa Njombe na Iringa hawahitaji kuelezwa. Kila kiangazi mabonde yanalimwa, mahindi mabichi yanauzwa Agosti na Septemba, na mtu aliyekosa mvua anavutiwa sana kuyakimbilia. Mjumbe fulani lazima atapendekeza hivyo: "Kwa nini usihamie mabondeni, ukaokoa mwaka?" Mwanafunzi amelijibu kabla halijaulizwa. Udongo wa bondeni unakaa na maji, mara nyingi una mboji nyingi, na tabia yake mbele ya chokaa ni nyingine. Jibu la bondeni haliwezi kupelekwa mlimani. Sentensi moja imetosha. Unapotaja njia ulizozikataa na sababu yake, kamati inaona kwamba ulizipima, na majadiliano yanakuwa mafupi.

Sasa hesabu ya tarehe, na hapa naomba tutulie. Barua zilichelewa wiki 5. Kupanda kumechelewa wiki 2 tu. Tasnifu inachelewa miezi 2. Mjumbe makini atauliza: wiki 2 za shambani zimezaaje miezi 2 mwishoni? Ratiba ya ukurasa mmoja iliyoambatishwa lazima iwe na jibu, na inalo. Mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani kama miezi 7 hadi yakauke, kwa hiyo yaliyopandwa 10 Desemba yanavunwa katikati ya Julai. Udongo wa baada ya mavuno unafika maabara 20 Julai. Ratiba ya zamani iliipa maabara wiki 4. Uzoefu wa mwaka huu umeonyesha kwamba alumini huchukua wiki 6, kwa hiyo majibu ni 31 Agosti. Septemba ni uchambuzi na kuandika. Rasimu inafika kwa kamati tarehe 5 Oktoba. Kisha kuna wiki 4 za wajumbe kusoma, ambazo hazikuwemo kabisa kwenye ratiba ya zamani. Masahihisho wiki 3, hadi 23 Novemba, na wiki 1 ya akiba.

Nasisitiza hizo wiki 4 za kusoma. Ratiba nyingi ninazoletewa zinadhani kwamba rasimu ikitumwa Ijumaa, maoni yatarudi Jumatatu. Wajumbe wanafundisha, wanasahihisha mitihani, wana wanafunzi wengine. Ukiwapangia muda halisi kwenye ratiba, wataona umewaheshimu, na tarehe yako ya mwisho itakuwa ya kuaminika. Ukiomba mwezi 1 huku hesabu inaonyesha miezi 2, utarudi tena kuomba, na barua ya pili ya namna hii husomwa kwa jicho jingine kabisa.

Halafu ile tarehe 20 Desemba. Mahindi yakipandwa Januari kwenye miinuko, yanafika kutoa mbelewele na kujaza punje wakati mvua zinakatika. Mavuno yakiwa duni hutajua kama ni chokaa au ni ukame. Kwa hiyo kuna siku ambayo baada yake kupanda hakuna faida kwa swali hili, na mwanafunzi ameitaja yeye mwenyewe. Inaweza kuonekana kama kujifunga kamba. Mimi naiona kama ulinzi wake. Mvua zikichelewa, au akiugua, hatajikuta anapanda tarehe 8 Januari kwa sababu tu aliahidi. Ataandika barua fupi kwamba siku imefika na mpango wa pili umeanza. Tafuteni tarehe yenu ya namna hiyo. Kwa anayefanya utafiti shuleni ni wiki ambayo shule zinafungwa. Kwa anayefuata wakulima wa chai kule Rungwe au Mufindi ni ratiba ya kuchuma. Kila kazi inayo.

Mambo mawili ya mwisho, ya baada ya jibu.

Kamati ikikubali, hujaongezewa muda. Kamati inapendekeza, anayeidhinisha ni chuo, kupitia fomu ya kurugenzi, yenye sahihi ya msimamizi na mkuu wa idara, na pengine ada yake. Jibu la wajumbe liambatishe kwenye fomu hiyo na ulipeleke mapema, kabla usajili wako haujafika ukingoni. Kama unafadhiliwa, mfadhili naye ana tarehe yake ya kufunga bajeti, na hasomi barua pepe za kamati. Mwandikie kivyake.

Na fungua zile barua za utambulisho ulizozihangaikia uangalie tarehe zilizoandikwa ndani. Nyingi zinasema mtafiti anaruhusiwa kuanzia siku fulani hadi siku fulani. Tuseme za mwanafunzi wetu zinaishia 31 Julai. Mavuno ya 15 Julai yamo ndani, na sampuli za udongo zimo ndani. Lakini kama alipanga kurudi Agosti kuzungumza na wakulima kuhusu bei ya chokaa, atakuwa kijijini bila kibali, na mtendaji ana haki ya kumrudisha. Ombi la kuongeza muda wa barua hizo liandikwe Mei, na safari hii litaje halmashauri zote mbili.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na walionitumia rasimu za barua zao wiki hii tutazipitia moja moja baada ya chai.